Kiini Kikae Katikati: Namna ya Kuchemsha Mayai ya Kupasua na Kujaza

Yai la kuchemsha linapoliwa zima na chumvi, hakuna anayejali kiini kimekaa wapi. Jambo hubadilika pale yai linapopasuliwa mbele ya macho ya mlaji. Mchuuzi wa mayai pasua hulifungua yai na kulijaza kachumbari. Mpishi wa Pwani huligawa mara mbili yai lililofunikwa nyama ya kusaga ili rangi tatu zionekane, na mwenye karamu hupanga nusu za mayai yaliyojazwa juu ya sinia. Wote watatu hutegemea jambo moja, nalo ni kwamba kiini kiwe katikati, kimezungukwa na ute wenye unene uliolingana pande zote.

Kiini kikiegemea upande mmoja, hasara si ya sura peke yake. Upande ule ute huwa mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Kijiko kinapoingia kutoa kiini, ukuta huo huchanika na nusu ile haiwezi tena kushika kitu. Ndiyo maana mtu huchemsha mayai kumi na mawili na kupata nusu kumi na tano au kumi na sita tu zinazofaa kuwekwa mezani. Mayai yalikuwa mazima na yamelipiwa, lakini sehemu yake imeishia kuwa vipande vya saladi.

Somo hili linaeleza kwa nini kiini huhama, na hatua gani mlaji anaweza kuchukua nyumbani ili kukizuia. Linajibu pia swali ambalo walaji wengi hujiuliza, yaani iwapo kiini kilichokaa kando ni dalili kwamba muuzaji amewauzia yai bovu.

1. Kinachokishikilia kiini, na kinachokihamisha

Ndani ya ganda kuna ute wa aina mbili. Ulio karibu na ganda ni mwepesi, na ulio karibu na kiini ni mzito. Ute huu mzito ndio godoro la kiini. Aidha, kutoka pande mbili za kiini hutokea kamba mbili nyeupe zilizosokotwa, ziitwazo chalaza, moja ikielekea ncha butu ya yai na nyingine ncha iliyochongoka. Kamba hizo ndizo kile kinyama cheupe ambacho watu hukiondoa wanapovunja yai mbichi, wakidhani ni uchafu au mwanzo wa kifaranga. Si kimojawapo. Chalaza iliyo nene na inayoonekana vizuri ni alama ya yai jipya.

Kiini kina mafuta mengi, na kwa hiyo ni chepesi kidogo kuliko ute unaokizunguka. Yai likitulia mahali pamoja, kiini huwa na mwelekeo wa kupanda juu. Katika yai jipya mwelekeo huo huzuiwa na ute mzito pamoja na zile kamba mbili. Siku zinavyopita, ute mzito hulainika na kuwa kama maji, kamba hulegea, na kiini chenyewe hufyonza maji kutoka kwenye ute na kuwa kikubwa zaidi. Hapo hakuna tena cha kukizuia, nacho hupanda hadi kukaribia ganda.

Mpangilio wa trei una sehemu yake katika jambo hili. Mayai hupangwa yakiwa yamesimama, ncha butu ikiwa juu, na huo ni utaratibu mzuri wa kuyahifadhi, kwa sababu chumba cha hewa kilicho kwenye ncha butu hubaki mahali pake. Lakini yai lililosimama hivyo kwa siku nyingi kiini chake huwa kimepanda kuelekea ncha butu. Likichemshwa bila maandalizi, kiini hugandia hapo hapo, na mtu akilipasua kwa urefu hukuta upande mmoja una ute mwingi na mwingine hauna.

Kuna basi mihamo miwili inayotofautiana. Wa kwanza ni wa urefu, kutoka katikati kwenda ncha butu, nao hutokea dukani na jikoni kabla ya kupika. Wa pili ni wa ubavu, nao hutokea ndani ya sufuria. Yai linapowekwa majini hulala kwa ubavu, na kiini huanza kupanda kuelekea ubavu ulio juu. Ute nao huanza kuganda kutoka nje kwenda ndani, kwenye joto la nyuzi 60 hivi na kuendelea. Popote kiini kitakapokuwa wakati ute uliokizunguka unapoganda, ndipo kitakapobaki. Kila mhamo una dawa yake, na mtu anayetumia moja na kuiacha nyingine hupata nusu ya matokeo.

2. Kuchagua yai linalofaa

Yai lililotagwa leo lina kiini kilichokaa vizuri, lakini ni gumu kumenya. Ute wake bado una hewa ya ukaa kwa wingi, na katika hali hiyo hung'ang'ania utando wa ndani wa ganda. Ukimenya, vipande vya ute hutoka pamoja na ganda, na sura uliyoihangaikia hupotea. Hewa hiyo hutoka polepole kupitia vitundu vya ganda, na baada ya siku kadhaa ute huachia kwa urahisi. Upande wa pili, yai la wiki nyingi humenyeka vizuri sana lakini kiini chake hakishikiki.

Yai la kupasua, kwa hiyo, ni lile la umri wa kati. Kwa mayai yaliyowekwa kwenye jokofu, siku saba hadi kumi tangu kutagwa ni kipimo kizuri. Mayai yanayokaa nje kwenye joto la Pwani huzeeka upesi zaidi, hivyo siku tatu au nne zinatosha. Mayai ya kienyeji yanahitaji uangalifu wa ziada. Mara nyingi hukusanywa moja moja kwa siku nyingi kabla ya kuuzwa, na katika fungu moja huweza kuwamo yai la jana na la wiki mbili.

Pasipo tarehe, kipimo cha maji hutoa mwanga wa kutosha. Tia yai katika bakuli la maji baridi. Yai jipya sana hulala chini kwa ubavu. Likiwa na umri wa kati, hugusa chini lakini ncha butu huinuka kidogo. Likisimama wima, ni la zamani. Laweza kufaa kwa keki au mayai ya kukoroga likivunjwa kwanza kwenye kikombe na kukutwa halina harufu, ila lisitegemewe kwa kupasua. Likielea juu kabisa, liachwe. Yai lenye ufa nalo lisichemshwe kwa ajili ya wageni, kwa kuwa vijidudu huenda vimekwisha kuingia.

3. Usiku wa kuamkia siku ya kupika

Dawa ya mhamo wa urefu ni kulilaza yai. Mayai yatolewe kwenye trei na kulazwa kwa ubavu ndani ya bakuli lililotandikwa kitambaa, kisha yarudishwe kwenye jokofu kwa saa kumi na mbili hivi. Yai likiwa limelala, ncha butu haiko juu tena, na kiini hurejea taratibu kuelekea katikati ya urefu. Kabla ya kulala, mpishi ayageuze mayai nusu mzunguko, ubavu uliokuwa juu uende chini, ili kiini kisizoee upande mmoja.

Wenye mayai yaliyofungwa katika boksi lenye kifuniko wanaweza kulilaza boksi zima kwa ubavu wake, mradi limefungwa kwa mpira au uzi. Mayai yasioshwe wakati huu. Ganda lina utando mwembamba wa nje unaoziba vitundu vyake, na kuosha huuondoa. Kuosha kufanywe dakika chache kabla ya kupika.

4. Ndani ya sufuria

Dawa ya mhamo wa ubavu ni kulibiringisha yai hadi ute uanze kushika. Yai linalobiringika halina upande wa juu. Kabla kiini hakijapanda kuelekea ubavu mmoja, ubavu huo umekwisha kwenda chini.

Chagua sufuria pana, ambamo mayai yote yanalala katika safu moja na kubaki na nafasi ya kubiringika. Mayai yaliyobanana hayageuki. Chemsha maji yatakayoyafunika mayai kwa kina cha vidole viwili, na yakichemka, punguza moto mpaka mapovu yawe madogo. Mayai yawe yametolewa kwenye jokofu nusu saa kabla, ili yasipasuke kwa mshtuko wa joto. Yashushe moja moja kwa kijiko kikubwa chenye matundu.

Hapo hapo anza kuyakoroga kwa mwiko. Kusudi si kuyazungusha maji, bali kuyageuza mayai yenyewe. Mpishi anayezungusha maji kwa kasi huyaona mayai yakikimbia ukingoni mwa sufuria huku ubavu ule ule ukiwa juu, na kazi yake huwa bure. Upitishe mwiko polepole juu ya mayai, ukiyasukuma mbele na kuyarudisha nyuma, hata kila yai liwe limebiringika. Endelea hivyo kwa dakika tano za kwanza bila kuondoka. Baada ya muda huo ute wa nje umeganda vya kutosha kukishikilia kiini, na kukoroga zaidi hakuongezi kitu.

Kuanza na maji yanayochemka kuna faida mbili. Ute huganda upesi, kwa hiyo kiini hupata muda mfupi wa kuhama, na ganda huachia kwa urahisi wakati wa kumenya. Anayependelea kuanza na maji baridi hajakosea, lakini ajue kwamba kipindi cha hatari kwake ni kirefu zaidi. Itampasa kukoroga tangu maji yanapoanza kutoa mvuke hadi dakika tatu baada ya kuchemka.

Muda wote wa kupika, kwa yai la ukubwa wa kawaida na kiini kigumu, ni dakika kumi na moja katika miji ya Pwani. Mahali pa juu maji huchemka kwenye joto dogo zaidi, likipungua takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 za kupanda. Nairobi, Arusha na Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi badala ya 100, na mpishi wa huko aongeze dakika mbili.

Muda ukitimia, mayai yahamishiwe mara moja kwenye maji baridi sana, ikiwezekana yenye barafu, yakae humo dakika kumi na tano. Yakiachwa kwenye maji ya moto, au yakipikwa kupita kiasi, salfa ya ute huungana na chuma kilichomo kwenye kiini na kufanya duara la rangi ya kijani kibichi pembeni mwa kiini. Duara hilo halina madhara, lakini huharibu ule uzuri uliokusudiwa.

5. Mfano: nusu ishirini na nne kwa wageni kumi na wawili

Tuchukue mfano wa mama mwenye nyumba mjini Morogoro anayetarajia wageni kumi na wawili kwa chakula cha mchana cha Jumapili. Anataka kila mgeni apate nusu mbili za yai lililojazwa. Anahitaji mayai kumi na mawili, na kwa hekima anaandaa kumi na manne.

Jumamosi asubuhi anayajaribu mayai ya trei yake katika maji. Mawili yanasimama wima, naye anayaweka kando kwa ajili ya keki, kisha anachagua kumi na manne yanayogusa chini na kuinua ncha butu kidogo. Jioni anayalaza kwa ubavu ndani ya bakuli kwenye jokofu, na saa nne usiku anayageuza.

Jumapili anayatoa jokofuni, baada ya nusu saa anayaosha, na kuyapika kwa mafungu mawili ya mayai saba, kwa kuwa sufuria yake haitoshi kuyabiringisha yote kwa pamoja. Kila fungu analikoroga dakika tano na kulipika jumla ya dakika kumi na mbili, kwani Morogoro uko juu kidogo kuliko Pwani. Baada ya barafu anayagongagonga kila upande na kuanza kumenya kwenye ncha butu, penye chumba cha hewa, yai likiwa ndani ya maji.

Kabla ya kukata analichunguza kila yai kwenye mwanga wa dirisha. Ute wenye unene sawa huonekana mweupe pande zote. Penye ute mwembamba huonekana doa la umanjano, na hapo ndipo kiini kilipoegemea. Mayai kumi na mawili hayana doa, na mawili yana doa ubavuni. Yale mawili hayatupwi wala hayajazwi. Anayakata vipande vya duara na kuvipanga juu ya kachumbari.

Kama angelazimika kuyajaza, angeupitisha mkato katikati ya lile doa, kutoka ncha hadi ncha. Kwa njia hiyo nusu mbili zinafanana na kila moja inabaki na kina cha kutosha, ingawa kiini kinaonekana kando. Akikata ili doa liwe chini ya nusu moja, nusu hiyo itatoboka mara kijiko kinapoingia.

Mayai mazuri anayapasua kwa urefu kwa kisu chembamba, akikifuta kwa kitambaa chenye unyevu baada ya kila mkato ili umanjano usipake ute. Viini anavitoa kwa kijiko cha chai, anaviponda kwa uma na kuvichanganya na vijiko vikubwa sita vya mayonezi, kijiko kidogo cha haradali, chumvi na pilipili manga. Ili nusu zisibingirike kwenye sinia, anaondoa kipande chembamba chini ya kila moja. Hilo linawezekana kwa sababu tu kiini kilikuwa katikati. Chini pangekuwa pembamba, kisu kingetokeza shimo.

6. Kiini kando si ushahidi wa yai bovu

Mlaji anayekuta kiini kimeegemea asikimbilie kumshutumu muuzaji. Yai la aina hiyo laweza kuwa salama kabisa kuliwa, na huenda sababu ni upishi, si umri. Dalili za yai bovu ni harufu mbaya, ute ulioharibika rangi, au yai mbichi kuelea juu ya maji.

Hata hivyo, pale ambapo mayai mengi ya trei moja yana kiini kando ingawa yalilazwa na kukorogwa ipasavyo, na chumba cha hewa ni kikubwa hata kikaacha bonde kwenye ncha butu, kuna sababu ya kuamini kuwa mayai yale yamekaa muda mrefu. Ikiwa yaliuzwa kama mayai ya wiki hii, mlaji anayo haki ya kumweleza muuzaji na kudai yaliyo mapya. Ahifadhi trei na risiti, na ajaribu katika maji mayai machache ambayo hayajapikwa, maana yai likishachemshwa kipimo hicho hakitumiki tena.

7. Usalama baada ya kupasua

Yai lililomenywa limepoteza ngao yake. Lisikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, na katika joto kali la mchana, linalozidi nyuzi 32, isizidi saa moja. Wenye kujaza mapema waweke nusu tupu na mchanganyiko wa kiini katika vyombo viwili tofauti vilivyofunikwa jokofuni, wajaze wageni wanapokaribia. Yai la kuchemsha lenye ganda lake hudumu jokofuni hadi wiki moja.

Zoezi la nyumbani

Chukua mayai manne ya trei moja. Mawili yachemshe katika sufuria ndogo bila kuyagusa, moto ukiwa mdogo, baada ya kutia alama ya kalamu ya risasi kwenye ubavu utakaokuwa juu. Mengine mawili yabiringishe dakika tano kama ilivyoelezwa. Yapoze, uyamenye yale yenye alama huku ukikumbuka ilipokuwa, kisha uyakate yote kwa upana, katikati. Katika yale mawili ya kwanza tazama kiini kimeelekea wapi ukilinganisha na alama. Ikiwa kimeifuata alama, umeuona mhamo wa ubavu kwa macho yako. Na ikiwa hata yale yaliyobiringishwa kiini chake kiko kando, rudi kwenye sehemu ya pili: mayai hayo yamezeeka, na hakuna mwiko utakaoyarekebisha.